Sabuni ya Nazi, Karafuu na Mwani: Maelezo Yanayotoka Sufuriani

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie maelezo ya bidhaa, yale maneno machache mnayoyabandika kwenye karatasi ya sabuni au kuyaweka chini ya picha. Sitazungumzia sabuni zote. Nimechukua moja, ya nazi, karafuu na mwani, kwa kuwa wengi wenu hapa Unguja mnaipika, na maelezo yake mengi yanasomeka hivi: "Sabuni bora ya asili, nzuri sana, laini, yenye harufu ya kuvutia, inayoifanya ngozi yako ing'are."

Hebu futeni neno sabuni, muweke losheni. Inakubali. Wekeni mafuta ya nywele, badilisheni ngozi iwe nywele. Inakubali vilevile. Sasa mteja amesimama mbele ya meza yenye sabuni kumi, na zote kumi zinasema ni bora na ni laini. Atachagua kwa bei tu.

Pale mezani mtu hawezi kuoga. Atashika, atanusa, atasoma, na akinunua kwa simu hata kunusa hapati. Basi maneno yenu ndiyo yatakayomwonjesha kuoga, ila kila anachokihisi kiwe kimetoka kwenye kitu mlichokitia sufuriani. Mkitaja hisia, tajeni na kinacholeta hisia hiyo, palepale.

Tuanze na nazi, maana ndiyo sabuni yenyewe. Chukua gramu 1,000 za mafuta ya nazi. Kuyageuza yote kuwa sabuni kunahitaji kama gramu 183 za kostiki soda. Sabuni hiyo itafulia vizuri sana, lakini ukiogea, ngozi inakaza mpaka unatafuta mafuta ya kupaka kabla hujavaa. Kwa hiyo anayepika nazi tupu kwa ajili ya kuogea hupunguza kostiki kwa asilimia 20, akatia kama gramu 146, ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka. (Hesabu hii ni ya nazi peke yake. Mkibadilisha mafuta, kipimo nacho kinabadilika, msije mkaungua mkono kisha mkanitaja mimi.)

Hapo pana sentensi mbili ambazo losheni haiwezi kuziiba. Ya kwanza ni ya mafuta yaliyoachwa: "Tumebakiza mafuta ya nazi ndani yake, ili ukijifuta ngozi isikukaze." Ya pili ni ya povu, na nashangaa hamuiandiki. Nazi hutoa povu upesi, na hulitoa hata kwenye maji ya chumvi, hata ya bahari, ambako sabuni za mafuta mengine hugoma. Ni wangapi hapa wanaoga kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi? Naona mikono. Kila mmoja wenu anaijua ile kero ya kusugua na kusugua na kitu hakitoki. Mwandikieni mtu huyo: "Povu linakuja upesi hata kwa maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu tumepika kwa nazi tupu." Sentensi hiyo ina uzito kuliko neno bora likirudiwa mara mia.

Lakini msivuke mpaka. Povu la nazi ni jepesi, lina mapovu makubwa, na halikai sana. Mkiandika kwamba ni zito kama krimu, mteja atagundua siku ya kwanza tu.

Twende kwenye karafuu. Wengi wenu hamtumii mafuta ya karafuu yenyewe, mnatumia ya makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, ambayo ni rahisi kupatikana. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyatoa kwa mvuke. Basi andikeni makonyo. Harufu yake ni kavu zaidi, ina uchungu wa kijitikijiti, na aliyewahi kupita Pemba wakati wa mavuno, karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, ataijua kabla hajamaliza kusoma. Huyo ndiye mteja wenu. Asiyeipenda aipite mapema. Ni nafuu kuliko kuirudisha.

Kiasi nacho ni sehemu ya maelezo. Karafuu ina eugenol, ambayo ndiyo harufu yenyewe na ndiyo pia inayochoma ngozi ikizidi. Gramu 5 kwa gramu 1,000 za mafuta zinatosha. Ukizidisha, uji wa sabuni unaganda ghafla hata kuumimina kwenye kalibu ni vita, na mwenye ngozi nyepesi anawashwa. Kwa kiasi hicho harufu huwa kali kipande kikiwa kikavu, na ukishajimwagia maji hubaki kidogo. Semeni hivyo hivyo. "Harufu ya kudumu siku nzima" ni ahadi ambayo gramu 5 haziwezi kuitimiza.

Mwani sina mengi. Akina mama wa Paje wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo mnaweza kutaja ulikotoka, ikiwa kweli ulitoka huko. Ukisagwa unga unakwangua taratibu, unafaa magoti na visigino. Habari za vitamini ziacheni.

Nikiyaunganisha, napata haya:

"Sabuni ya nazi, makonyo ya karafuu na mwani. Gramu 100. Povu linakuja upesi hata kwa maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu tumepika kwa nazi tupu. Tumebakiza mafuta ndani yake, ili ukijifuta ngozi isikukaze. Harufu ni ya makonyo ya Pemba: kali kipande kikiwa kikavu, ya mbali ukishaoga. Unga wa mwani wa Paje unakwangua taratibu magotini na visiginoni; usoni usisugulie. Rangi yake ya kahawia huweza kukolea ikikaa. Iweke pakavu. Ikikuwasha, acha kuitumia."

Chini yake orodha ya viungo vyote, na kostiki soda iwemo. Nimeona sabuni nyingi zimeandikwa "haina kemikali", na mpishi anajua alivaa glavu. Semeni tu kwamba kostiki yote imegeuka sabuni; ndiyo kweli, na mafuta yaliyobaki ni ushahidi. Uzito pimeni siku ya kuuza, maana kipande hupungua maji kadiri kinavyokaa kukauka.

Yapo maneno mawili ya hatari. Mkisema inang'arisha, wateja wengi watafikiria mkorogo, na wale mnaowataka watakimbia. Mkisema inatibu fangasi au ukurutu, mmeiita dawa, na dawa ina usajili wake: Bara ni TMDA, huku ni ZFDA.

Bibi pale nyuma ameuliza afanyeje kwenye stetasi ya simu, ambako hakuna nafasi ya maneno yote hayo. Chagua hisia moja, bibi yangu, kufuatana na unayemuuzia. Jirani wa Jambiani mwandikie la povu na maji ya chumvi. Mpemba aliye Dar es Salaam mwandikie la makonyo. Mgeni wa hotelini huenda hana kero ya maji ya chumvi, na Pemba haijui. Kwake anza na mwani, kwa kuwa pengine asubuhi hiyo aliwaona walimaji majini. Orodha ya viungo mtumie akiuliza bei.