Mguu umevunjika uwanjani: funga hivi, na usiviache vidole

Assalaamu alaykum makocha wenzangu. Tupo Chake Chake, Laasiri ishasaliwa, na kijana wetu wa namba saba kajilaza hapa kwenye nyasi tumfunge mguu. Leo tunashika jambo moja tu: mchezaji kapigwa kwenye muundi, anatoka damu, na tunashuku mfupa umevunjika.

Mpira simamisha, glavu vaa. Twende.

Mtazame kwanza. Kama alizimia, au shingo inamuuma, usimsogeze, piga simu hapo hapo. Kama ni mguu tu, ulinganishe na mwenzake. Umepinda? Umefura? Alisikia mlio? Usimwambie asimame ili uhakikishe. Ukishuku, uhesabu umevunjika mpaka eksirei iseme vingine. Na yule mzee anayekuja mbio na mafuta ya kuchulia, mwambieni kwa adabu: huu hauchuliwi.

Damu sasa. Weka shashi au kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja dakika 10 ukitazama saa. Usifunue kuchungulia, maana damu iliyoanza kuganda unaibandua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mfupa ukitokeza nje, usiukandamize wala usiurudishe ndani. Kandamiza pembeni mwake, kisha uzungushie kitambaa kilichoviringishwa kama kata ya kubebea ndoo.

Sikilizeni hapa. Kidonda kikiwa juu ya mahali palipovunjika, hata kiwe kidogo kama punje ya choroko, hiyo ni dharura. Vijidudu vimeshapata njia ya kufika kwenye mfupa, na mtoto anahitaji dawa hospitali mapema. Usitie dawa ya meno, wala majivu. Funika, piga simu.

Gango letu ni boksi la maji. Mie nalipenda kuliko ubao, linakunjika kama mfereji na halimchomi. Lianzie katikati ya paja, lipite kisigino, ili goti na kifundo vyote vitulie. Ndani tandika jezi. Mwenzako ashike goti na unyayo, asivute, atulize tu kama ulivyoukuta...

Ngoja, upepo umechukua kanga. Haya, nirudishie. Kamera isogeze huku, mgongo wangu umeziba.

Kabla ya kufunga, vidole! Njumu legeza kamba zote. Ikitoka bila kuusogeza mguu, itoe, isipotoka usiivute. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mwambie afumbe macho, gusa kidole, akwambie kipi. Njumu ikibaki, muulize kama anavisikia vidole na kama anaweza kuvichezesha.

Sasa kanga, zikunje ziwe mikanda mipana. Zipitishe kwenye uwazi wa chini ya goti na wa chini ya kifundo, kisha uzitelezeshe mpaka mahali pake, usiunyanyue mguu. Moja pajani, moja chini ya goti, moja kifundoni. Juu ya palipovunjika hapafungwi kitu! Fundo liwe upande wa boksi, na kidole chako kiweze kupita chini ya mkanda.

Mbona nalisema kwa ukali? Mwaka mmoja nilimfunga kijana kwa nguvu zangu zote, nikaona nimemlinda. Tupo garini, akaniambia, "Mwalimu, mguu siusikii." Kutazama vidole, vyeupe, baridi kama samaki wa barafu. Tukasimama kando ya barabara, nikalegeza kwa mikono inayotetemeka, rangi ikarudi. Mguu unaendelea kufura baada ya kufunga, kwa hiyo fundo lililokuwa sawa uwanjani linakuwa kitanzi njiani. Angalia vidole ukimaliza kufunga, kisha kila dakika 10 mpaka mkabidhi.

Simu: 112. Na namba ya hospitali iliyo karibu yako, Wete, Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani, iwemo kwenye simu kabla ya mechi. Usingojee kama damu haikomi baada ya zile dakika 10 au inaruka kwa mapigo, kama ni paja, kama mguu umepinda, au kama vidole ni baridi, vyeupe au havisikii. Taja uwanja na alama iliyo jirani, sema umeona nini, na mtume mtu akasimame barabarani aipokee gari. Ikibidi kutumia gari la mtaani, alale chali, mguu umefungwa tayari, na wewe ukae upande wa miguu.

Maji asipewe, hata akilia kiu. Huenda akatiwa usingizi wa operesheni, na tumbo linatakiwa tupu. Mlowanishe midomo tu, umfunike.

Tumefunga dakika ngapi sasa? Kumi zimefika. Haya namba saba, fumba macho. Kidole kipi hiki?