Barafu huelea kwa sababu ya nafasi tupu

Walimu wenzangu, kuna jambo nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado nalikuta kwenye majibu ya wanafunzi na kwenye madaftari ya maandalio: eti barafu ni nyepesi kuliko maji kwa kuwa bondi za haidrojeni ndani yake ni ndefu zaidi. Si kweli, na ukweli wenyewe ni kinyume. Katika barafu ya kawaida, oksijeni moja hadi jirani yake ni nanomita 0.276. Katika maji ni kama 0.28. Maji yakiganda, majirani wa karibu husogeleana. Sasa inakuwaje kitu ambacho molekuli zake zimekaribiana kijae nafasi kubwa zaidi?

Hesabuni majirani. Molekuli ya maji ina haidrojeni mbili za kutoa na jozi mbili za elektroni za kupokelea, kwa hiyo hushikana na wenzake wanne, basi. Picha ninayoipenda ni ya mafiga: matatu chini, chungu juu, na oksijeni yetu imekaa katikati, ikiwaelekea wote wanne kwa pembe za karibu digrii 109.5. Kila mmoja wa hao wanne naye yuko katikati ya wanne wake, na mtandao unaendelea hivyo kipande chote. Kati ya nyuzi zake kuna uwazi ambao hakuna molekuli inayoruhusiwa kuingia.

Uwazi huo ni mkubwa kiasi gani? Tufanye hesabu. Molekuli moja ya maji ina masi ya gramu 2.99 × 10⁻²³. Tuzichukulie kuwa tufe zenye kipenyo cha nanomita 0.276, tuzipange kwa kubanana kabisa, kila moja ikigusana na wenzake 12, kama atomu za shaba. Kila tufe litamiliki ujazo wa nanomita za ujazo 0.0149, na densiti itakuwa karibu gramu 2.0 kwa sentimita ya ujazo. Sasa acheni umbali uleule, msibadilishe kitu, ila kila moja iwe na majirani wanne tu. Ujazo wa kila molekuli unapanda hadi 0.0324, na densiti inashuka hadi 0.92. Mkiipima barafu yenyewe kwenye nyuzi 0 mtapata 0.917. Urefu wa bondi haukuguswa hata kidogo!

Najua atakayeinuka kusema ni mapovu ya hewa yaliyonaswa. Gandisha maji yaliyotolewa hewa, upate barafu angavu isiyo na povu hata moja: nayo itaelea.

Mwingine atasema kwamba barafu ikiyeyuka bondi huvunjika, kwa hiyo molekuli zingepaswa kutawanyika. Lakini kuyeyusha moli moja huhitaji kilojuli 6 tu, ilhali kuigeuza moja kwa moja kuwa mvuke huhitaji karibu 51. Sehemu kubwa ya mshikamano inabaki. Kinachotokea ni kwamba bondi nyingi zinapinda, nyingine zinaachia, na molekuli zilizokuwa majirani wa mbali zinapenya kwenye ule uwazi. Bondi zinarefuka kidogo na bado maji yanasinyaa. Kupenya huko kunaendelea kuushinda mtanuko wa joto mpaka karibu nyuzi 4, ndipo mtanuko unatawala.

Muda umenibana, nami sijagusa protoni, basi nizipitie upesi. Oksijeni zimepangika vizuri, haidrojeni hazijapangika. Bernal na Fowler waliweka sharti mwaka 1933: kila oksijeni iwe na haidrojeni mbili za karibu, na kila bondi iwe na haidrojeni moja. Sharti hilo linaacha njia nyingi mno. Pauling alizihesabu mwaka 1935. Molekuli ina mielekeo 6 kati ya majirani wanne. Kila bondi ina uwezekano wa nusu kukubaliana na jirani, na kwa kila molekuli kuna bondi mbili. Kwa hiyo 6 × ¼, yaani 3/2 kwa kila molekuli. Entropi inayobaki hata karibu na sifuri kamili ni R ln(3/2), juli 3.37 kwa moli kwa kelvini. Giauque na Stout walipopima joto mwaka 1936 walipata karibu 3.4.

Je, vurugu hiyo ya protoni ndiyo inayoipa barafu wepesi? Hapana. Barafu iliyotiwa hidroksidi ya potasi kidogo hujipanga protoni zake chini ya kelvini 72, na densiti yake karibu haibadiliki, kwa sababu mtandao wa oksijeni unabaki palepale, kila moja na wanne wake.