Mteja Hakuuliza Sera Yako

Wanaonijua wamechoka kunisikia nikisema hivi: kabla hujashika kamera kurekodi video ya kuwajibu wateja, soma jumbe zao za WhatsApp za wiki nne. Nakili maswali kama yalivyoandikwa, na makosa yake. Usiyasafishe.

Kuna dada anauza madera Kongowea. Alinionyesha video yake ya kwanza: dakika mbili na nusu, muziki, kisha "karibu kwenye sera yetu ya usafirishaji." Sera! Nikamwambia tufungue simu. Swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa "Likoni mwaleta?" Alikuwa akijibu "ndiyo", na mteja hatosheki, anarudi: leo au kesho? Boda atafika mlangoni, au nimfuate kivukoni?

Tukarekodi upya. Swali liko juu ya kioo kwa maneno ya mteja, na neno la kwanza kumtoka dada ni jibu: "Likoni twaleta. Ukilipa kabla ya saa sita mchana wapata leo, ukichelewa ni kesho. Boda aja mpaka mlangoni." Sekunde 15, basi. Najua mtaniambia Mswahili haanzi neno bila salamu. Salamu iandike kwenye ujumbe unaokwenda na video, nani amekukataza?

Kosa letu lilikuwa bei. Mwanzoni alitaja na nauli kwa mdomo, boda wakapandisha shilingi 50, na wateja wakamrudishia video yake kama ushahidi. Kwa hivyo kinachobadilika kiandikwe, kisitamkwe. WhatsApp Business ina majibu ya haraka: unaandika `/likoni`, video inakuja na maandishi yake. Nauli ikipanda unahariri maandishi tu.

Jumbe zinazofuata video ndizo mizani yako. Kwake watu waliendelea kuuliza "mpaka mlangoni?" Kumbe mlango alikuwa ameutaja mwisho kabisa, na watu walikuwa washafunga video. Tukausogeza mbele, lile swali likapungua.

Sasa kurudisha. Nyinyi mwatangaza "siku saba", na mteja anachouliza ni nauli ya kurudisha atalipa nani. Mwalikwepa hilo! Fanya video mbili. Ya kwanza: tumekosea saizi, nauli twalipa sisi, kwenda na kurudi. Ya pili: umebadili nia, nauli ni yako, na dera lirudi na lebo yake. Hapo lishike mkononi, onyesha lebo ilipo. Na sema wazi: likishafukizwa udi halirudi. Mteja mmoja alimrudishia yule dada dera linanukia harusi nzima, akasema hakulivaa. Pengine kweli hakulivaa, lakini atauziwa nani?

Naonyeshwa saa. Maandishi ya chini yawepo, wengi hutazama ndani ya matatu bila sauti. Na video ukiiweka kwenye stetasi, baada ya saa 24 imepotea, kwa hivyo ihifadhi kwenye majibu ya haraka kwanza. Haya, mama wa mbele, nimekuona mkono uko juu tangu kwenye udi.