Pantoni, basi na mchoro wa mti: tawi la pili halinakiliwi

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha hesabu. Mimi ni Rehema, niko na Mwalimu kama kawaida. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, Rehema. Wasikilizaji, habari zenu. Leo ningeomba mwenye karatasi na kalamu aziweke karibu, maana tutachora.

REHEMA: Tunachora mti wa uwezekano. Matukio mawili, moja linatangulia na jingine linafuata, na kila moja lina uwezekano wake. Mfano wetu ni mtu anayekaa Kigamboni na kufanya kazi Ubungo. Asubuhi anavuka kwa pantoni, akishuka Magogoni anatembea hadi kituo cha mwendokasi pale Kivukoni. Anataka kujua: ni asubuhi ngapi atakosa vyote viwili, pantoni ya kwanza na basi la kwanza?

MWALIMU: Kwa sababu akikosa kimoja bado anafika kazini kwa wakati. Akikosa vyote, amechelewa. Takwimu tutazitunga wenyewe ili hesabu ziwe nyepesi, ila mtu anaweza kuweka za kwake.

REHEMA: Haya, tuchore.

MWALIMU: Ilaze karatasi, upande mrefu uwe chini. Weka nukta kushoto, katikati. Kutoka hapo toa mistari miwili kwenda kulia, mmoja unapanda, mwingine unashuka. Wa juu, mwishoni andika "amewahi pantoni". Wa chini andika "ameikosa". Tukio linaandikwa mwisho wa tawi, uwezekano unaandikwa juu ya mstari wenyewe. Wanafunzi wengi huvichanganya hivi viwili, halafu wakifika kwenye kuzidisha hawajui washike namba ipi.

REHEMA: Na kuwahi pantoni tunasema ni 0.6.

MWALIMU: 0.6 juu, 0.4 chini. Matawi yanayotoka kwenye nukta moja lazima yajumlike kuwa 1, kwa sababu pale hakuna jambo la tatu. Ama umewahi, ama umekosa.

REHEMA: Na anayeamua kuzungukia Daraja la Nyerere?

MWALIMU: Huyo ukitaka kumweka, mpe tawi lake la tatu pale pale mwanzo, na zile namba mbili zipungue zimpe nafasi. Leo tumwache, tunamhesabu anayepanda pantoni tu.

REHEMA: Sawa. Sasa tawi la pili.

MWALIMU: Hapa ndipo pa kutulia. Pale ulipoandika "amewahi pantoni" toa matawi mawili mapya, "amepata basi la kwanza" na "amelikosa". Na pale ulipoandika "ameikosa" toa mengine mawili, yenye majina yale yale. Majina yanafanana. Lakini kabla hujaandika namba, jiulize: huyu mtu aliyesimama hapa, kwenye tawi hili, ana nafasi gani ya kupata basi?

REHEMA: Aliyewahi pantoni anafika kituoni mapema, kabla watu hawajajaa.

MWALIMU: Ndiyo. Huyo tumpe 0.7 ya kupata basi la kwanza, na 0.3 ya kulikosa. Aliyeachwa anavuka na pantoni inayofuata, pamoja na wote walioachwa naye. Wakishuka, wote wanaelekea kituo kimoja kwa wakati mmoja. Huyo tumpe 0.4 ya kupata, 0.6 ya kukosa.

REHEMA: Kwa hiyo basi ni lile lile, kituo ni kile kile, ila namba si moja.

MWALIMU: Kwa sababu swali la tawi la pili huulizwa baada ya jibu la kwanza kujulikana. Namba ya tawi la pili siku zote ina neno "ikiwa" ndani yake. Uwezekano wa kupata basi, ikiwa amewahi pantoni. Uwezekano wa kupata basi, ikiwa ameikosa. Hayo ni maswali mawili tofauti.

REHEMA: Sasa tuna njia nne. Tunafanya nini nazo?

MWALIMU: Kila njia, zidisha namba zilizo juu yake. Lakini nataka msikilizaji aone kwa nini tunazidisha, asishike kanuni tu. Chukua asubuhi 100. Kati ya hizo, 60 amewahi pantoni. Sasa zile 0.7 zinahusu asubuhi ngapi?

REHEMA: Zile 60 tu. Si 100.

MWALIMU: Hizo 60 tu. Saba ya kumi ya 60 ni 42. Ndiyo 0.6 mara 0.7, unapata 0.42. Zinazobaki, 18, aliwahi pantoni akakosa basi. Teremka chini: asubuhi 40 ameikosa pantoni. Nne ya kumi ya 40 ni 16, hizo amepata basi. Zinabaki 24.

REHEMA: 24 ndizo alizokosa vyote.

MWALIMU: Asubuhi 24 kati ya 100, yaani 0.24. Ukijumlisha miisho yote minne, 0.42, 0.18, 0.16 na 0.24, inakuja 1 kamili.

REHEMA: Na kama swali lingekuwa "apate kimoja tu"?

MWALIMU: Pitia miisho minne ukiweka alama kwenye inayojibu swali. "Kimoja tu" ni miisho miwili: aliwahi pantoni akakosa basi, 0.18, na alikosa pantoni akapata basi, 0.16. Hizo unajumlisha: 0.34. Tunajumlisha kwa sababu asubuhi moja haiwezi kuishia sehemu mbili, kwa hiyo hakuna siku inayohesabiwa mara mbili. Na kupata basi kwa ujumla, bila kujali pantoni, ni 0.42 na 0.16, yaani 0.58. Hiyo 0.58 iandike pembeni, tutaihitaji.

REHEMA: Mwalimu, nimewahi kuona madaftari ambayo matawi ya pili yameandikwa 0.7 na 0.3 juu, halafu 0.7 na 0.3 chini. Yamenakiliwa tu.

MWALIMU: Na hilo kosa ni baya kwa sababu halipigi kelele. Hebu tulifanye makusudi. Juu tunabaki na 0.42 na 0.18. Chini, 0.4 mara 0.7 ni 0.28, na 0.4 mara 0.3 ni 0.12. Jumlisha.

REHEMA: 0.42 na 0.18 ni 0.60. Na 0.28, 0.88. Na 0.12... 1.

MWALIMU: Unaona? Jumla ni 1 ile ile. Mwanafunzi anahakiki, anaridhika, anafunga daftari. Kumbe kukosa vyote amepata 0.12 wakati jibu ni 0.24. Hatari ameikata nusu nzima. Mtu akipanga maisha yake kwa namba hiyo atategemea kuchelewa siku 12 katika 100, na atachelewa 24.

REHEMA: Kumbe ile hakiki ya jumla haitoshi.

MWALIMU: Inakamata kuzidisha kubaya, na inakamata tawi ulilosahau. Haikamati namba iliyowekwa kwenye tawi lisilo lake. Hilo linakamatwa kwa kusoma tu. Weka kidole kwenye nukta ya mwanzo, fuata njia mpaka mwisho, huku ukisoma kwa sauti: "Ameikosa pantoni, na ikiwa ameikosa, uwezekano wa kukosa basi ni..." Ukifika kwenye "ikiwa" ukakuta namba ya wale waliowahi, sikio litakuambia.

REHEMA: Niulize la vitendo. Mtu anataka namba zake za kweli, si hizi za kutunga. Anazipataje?

MWALIMU: Anaandika kila asubuhi. Ila kuna njia moja ya kuandika inayoharibu kila kitu. Mtu anafungua kurasa mbili. Ukurasa wa pantoni, anapiga mstari kila anapowahi. Ukurasa wa basi, anapiga mstari kila anapopata. Baada ya siku 100 ana 60 kwenye ukurasa mmoja na 58 kwenye mwingine.

REHEMA: Ile 0.58 yetu.

MWALIMU: Ndiyo hiyo. Namba zote mbili ni za kweli kabisa, hajakosea kuhesabu. Lakini zile 58 hazisemi zimetoka kwenye asubuhi zipi. Ataandika 0.58 kwenye matawi yote mawili ya basi. Kukosa vyote atapata 0.4 mara 0.42, inakuja 0.168. Karibu siku 17, badala ya 24.

REHEMA: Kwa hiyo aandike vyote kwenye mstari mmoja.

MWALIMU: Mstari mmoja kwa kila asubuhi, safu mbili: pantoni ndiyo au hapana, basi ndiyo au hapana. Baadaye anachambua. Anachukua mistari yenye pantoni "ndiyo" peke yake, ndani yake anahesabu basi "ndiyo". 42 kwa 60 inampa 0.7. Kisha yenye pantoni "hapana", 16 kwa 40, inampa 0.4. Matawi yamejipata yenyewe.

REHEMA: Na akikuta yote mawili yanalingana?

MWALIMU: Hapo ndipo anaruhusiwa kuandika namba moja juu na chini. Maana yake pantoni haina habari yoyote kuhusu basi. Ila asiamue haraka. Ukiwa na asubuhi 10 tu, 6 za kuwahi na 4 za kukosa, kupata basi 4 kati ya 6 na 2 kati ya 4 hakuthibitishi kitu. Asubuhi moja ingegeuka, zile 2 kati ya 4 zingekuwa 3 kati ya 4, na picha yote ingebadilika.

REHEMA: La mwisho. Akiamua kutoka nyumbani mapema zaidi, kuwahi pantoni kukapanda kutoka 0.6 hadi 0.9?

MWALIMU: Badilisha matawi ya kwanza tu, ya pili yaache kama yalivyo. Kukosa vyote: 0.1 mara 0.6, ni 0.06. Kutoka siku 24 hadi siku 6. Lakini angalia kupata basi la kwanza: 0.9 mara 0.7 ni 0.63, jumlisha 0.1 mara 0.4, ambayo ni 0.04. Jumla 0.67. Kutoka 58 hadi 67 tu.

REHEMA: Kuchelewa kumeshuka sana, basi limepanda kidogo.

MWALIMU: Kwa sababu hata akiwahi pantoni kila siku ya Mungu, basi halitazidi 0.7, ile namba ya tawi la juu. Na pia, akitoka mapema anafika kituoni saa nyingine kabisa, hata zile 0.7 na 0.4 huenda zisiwe zile zile. Akibadilisha muda wa kutoka, aanze ukurasa mpya.