Sura Mpya, Kanga Ileile

Ndugu zangu, picha yenyewe sitaionyesha. Mtaelewa baada ya muda mfupi. Niliipiga mwaloni Kibirizi, Kigoma, asubuhi, mitumbwi imesharudi na karabai zimezimwa. Mama mmoja anaanika dagaa. Alikuwa amenieleza jinsi wachuuzi wanavyomwibia kwa ndoo ya kupimia, akaomba asijulikane.

Nikaamua kumpa uso wa kubuni. Programu huutafuta uso, huuzungushia kisanduku, hufuta kila kilichomo, kisha hubakiza alama chache tu: macho yalikuwa wapi, pua wapi, mabega wapi. Kwa alama hizo inachora mtu asiyekuwepo duniani. Huko kufuta kwanza ndiko kwenye kazi. Zipo programu nyingine zinazovalisha sura mpya juu ya ile ya zamani, zikifuata mkunjo wa mdomo na jicho linavyotazama, na hapo mwenyewe hubaki akichungulia kwa ndani.

Nikajipima. Maktaba ya programu ya bure iitwayo dlib hugeuza uso kuwa namba 128, ikapima umbali kati ya nyuso mbili; chini ya 0.6 huhesabiwa mtu mmoja. Kati ya uso wa mama na ule wa kubuni, mimi nilipata 0.83. Nikajiona fundi.

Kwa ridhaa ya mama, nikamwonyesha kaka yangu, mtoto wa mwalo ule ule. Hata hakukaza macho. "Huyu si fulani? Mbona umemharibu sura?" Alimjua kwa kanga, kwa bangili, kwa anavyoinama huku mguu mmoja kaukunja, na kwa chanja yake, maana pale kila chanja ina mwenyewe. Halafu akaweka kidole pembeni ya picha: "Na binti yake huyu hapa." Kweli. Binti alikuwa amegeuka ubavu, beseni kichwani, mkono umeziba nusu ya uso. Programu haikumwona kabisa, kwa hiyo sura yake ilibaki vilevile. Ile 0.83 ilikuwa imepima macho ya mashine. Mama hakuwa akiiogopa mashine, aliwaogopa wachuuzi wanaomwona kila siku.

Nikafikiria uso wa mtu halisi aliyeridhia. Shangazi yangu wa Tabora alikubali haraka, na hiyo haraka ndiyo iliyonitia shaka. Nikamsomea maneno yatakayokaa chini ya picha. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na nikipanda treni kuja Kigoma, nikakutana na hao wachuuzi?" Alikuwa ameridhia kuazima uso, si kubeba ushahidi wa mwingine. Nikaacha.

Kubadilisha na kanga, chanja na binti kungewezekana, lakini hapo ningekuwa nimechora, na msomaji angedhani ni Kibirizi.

Tulichochapisha ni picha ya ndoo peke yake, imepigwa kwa chini, kitako kimegongwa kwa ndani hadi kikatokeza nje kama tumbo la sufuria.