Nyumba ya Kitui Haikuchukuliwa

Wale mlionisikia zamani mnajua nitaanzia wapi. Leo ni kuhariri video kwa kufuta maandishi, na naanzia Kitui, mtanivumilia.

Nilikuwa na mahojiano ya dakika 40 na mwendesha boda wa Kayole, na kipindi kilitaka dakika 6. Njia yenyewe mnaijua: programu inasikiliza, inaandika kila neno, wewe unaweka kielekezi kwenye maandishi, unafuta, na picha na sauti ya maneno hayo zinaondoka pamoja. Tangu Adobe waiingize kwenye programu yao ya kuhariri video, Premiere Pro, mwaka 2023, sisi wengine tumesahau hata kusikiliza. Mimi wa kwanza.

Yule kijana alisema hivi: “Pikipiki nilichukua kwa mkopo, na mwaka huo huo nikajenga nyumba kule Kitui. Sasa ile pikipiki, kazi ikawa ngumu, nikakosa kulipa miezi mitatu, ikachukuliwa.” Nikaona ni marefu. Nikapaka rangi kuanzia “Sasa” mpaka “mitatu”, nikabonyeza Delete. Yaliyobaki: nikajenga nyumba kule Kitui, ikachukuliwa. Nikayasoma mara mbili. Kiswahili safi kabisa! Kipindi kikaenda hewani, na kesho yake asubuhi shemeji yake akampigia simu kutoka nyumbani akitaka kujua ni nani amenunua ile nyumba na wazee walishirikishwa lini.

Sikuongeza hata herufi moja. Kila neno lilikuwa lake.

Kosa lilikaa kwenye herufi moja, ile “i” ya “ikachukuliwa”. Pikipiki ni i, nyumba ni i. Nilipomfuta mwenye kitenzi, kitenzi kikaolewa na jirani wa ngeli moja, na harusi ikapita bila kelele. Kama kijana angekuwa amenunua gari, maandishi yangesema “nyumba, likachukuliwa”, nami ningeshtuka palepale. Kwa hiyo hatari kubwa ni pale sarufi inapokubali.

Najua kuna mmoja hapo nyuma anasema hata Kiingereza kina tatizo hilo. Kina, ndiyo. Lakini kwao kiwakilishi ni neno linalosimama peke yake, jicho linaligonga. Chetu kimejificha tumboni mwa kitenzi, na wewe unayefuta neno zimazima hukioni. Ndiyo maana siku hizi nikifuta, naenda kwenye kitenzi cha kwanza baada ya mkato, pale nilipokata, na kuuliza: i nani? a nani? wa kina nani? Jibu likiwa nyuma ya mkato, narudi kwenye mahojiano mazima nione kama ni huyo huyo.

Basi nikatengeneza upya, safari hii nikiacha “ile pikipiki” na kufuta katikati: “ile pikipiki, ikachukuliwa”. Maana imepona. Vaa sasa vipokea sauti vya masikioni usikilize. Kwenye maandishi kati ya “mitatu” na “ikachukuliwa” kuna nafasi nyeupe. Mdomoni hakuna nafasi. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na mtu akisema haraka, u inateleza kuingia kwenye i, inatoka kama “mitatwikachukuliwa”. Programu ikikata pale inapodhani neno limeanza, kunabaki mabaki ya ile “w”, na kijana wako anasema “pikipiki, wikachukuliwa”. Hapo maandishi hayakusaidii tena. Rudi kwenye mawimbi ya sauti, sogeza mkato mbele kidogo kidogo. Kwa picha ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Kwangu fremu 2 zilitosha, kisha nikaunganisha sauti mbili kwa kufifisha kidogo sana pale zinapokutana.

Bado neno “pikipiki” lilikuwa limepanda sauti, kama la mtu anayeendelea, kwa sababu alikuwa anaendelea kweli. Nikamwachia pumzi yake mwenyewe katikati, niliyoikopa kwingine kwenye mahojiano hayo hayo, ikatulia. Mruko wa picha nikaufunika kwa mikono yake ikishika usukani.

Na “aa” na kigugumizi, hilo niliseme haraka kwa sababu naona mnatazama saa. Programu kadhaa za kugeuza sauti kuwa maandishi huyaruka, hayaandikwi kabisa. Usichokiona hukifuti. Utafuta maneno ya pande zote mbili, halafu “aa” inabaki katikati, yatima, inalia peke yake. Pia ukichagua lugha moja, na mtu wa Nairobi akachanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi, soma nakala huku unasikiliza kabla hujafuta chochote. Hasa vikanushi: “hakulipa” ikiandikwa “alilipa”, utakata ushahidi ukidhani ni marudio.

Nilikuwa na la muziki wa chinichini, nimeliacha. Leteni tarakilishi, nina ile sauti ya Kitui hapa, toleo bovu na lililopona. Fumbeni macho kwanza.