Zawadi inayomleta mnunuzi: mhadhara kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Leo nitazungumza jambo moja tu: zawadi ya kuvutia wateja. Nitalifuata kupitia duka moja la mfano, ili tuone hesabu na sheria vikikutana mahali pamoja.

Tuseme duka liko Masasi. Linauza mashine za kupulizia mikorosho, zile bloa za kubeba mgongoni, pamoja na vipuri vyake. Mwenye duka ana shilingi 600,000 za kutangaza biashara. Wazo linalomjia kwanza ni simu janja: fuata ukurasa wetu, tagi marafiki watano, mshindi tutamtaja Jumapili.

Watu watajaa. Ila waangalieni ni akina nani. Kijana wa Arusha ambaye hajawahi kuuona mkorosho anaitaka simu sawasawa na mkulima wa Nanyumbu, na ana muda mwingi zaidi wa kushiriki. Wapo wanaofungua akaunti tatu au nne kwa kazi hiyo tu. Dalili zao hazijifichi: akaunti haina picha, maoni yote yanafanana, swali lao pekee ni "mnatuma mkoani?", na siku mbili baada ya mshindi kutajwa wanaacha kukufuata. Mwenye duka amebaki na orodha ya watu wanaopenda simu.

Kwa hiyo zawadi iwe kitu ambacho asiyekuwa mteja wako hana kazi nacho, na hawezi kukiuza kirahisi. Kwa duka letu nachagua matengenezo ya bloa: kusafisha kabureta, kubadilisha plagi, kukagua mipira na mikanda ya kubebea, na kumwonyesha mwenye mashine kipimo sahihi cha kuchanganya petroli na oili. Anayeleta bloa dukani kwa mguu wake ana mikorosho, au anapulizia ya wengine kwa malipo. Msaka zawadi hawezi kujifanya ana bloa.

Wakati nao unachuja. Upuliziaji wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga unashika kasi mikorosho inapoanza kuchipua na kutoa maua, kuanzia Juni hivi. Tangazo la matengenezo likitoka Aprili au Mei, mkulima analisikia akiwa tayari anawaza kama mashine itawaka. Likitoka Desemba, akili yake iko kwenye mnada na malipo, na bloa imelala stoo.

Mmoja wenu amependekeza salfa yenyewe iwe zawadi. Nakushauri usiiguse. Pembejeo za ruzuku zina mgawo wake kupitia usajili wa wakulima, na mfuko wa salfa ya ruzuku ukionekana dukani kwako kama zawadi utaulizwa umeupata wapi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukulie matengenezo ya mashine moja yanagharimu shilingi 15,000, fundi na plagi humo humo. Kwa 600,000 unahudumia mashine 40. Tuchukulie pia bloa mpya moja inakuachia faida ya shilingi 90,000. Ukiuza saba kwa sababu ya tangazo hilo, umepata 630,000, na fedha yako imerudi. Katika mashine 40 zilizochoka, fundi atakutana na zile ambazo injini imekwisha kabisa, na mwenyewe amesimama pale pale anasikia. Huyo ndiye mnunuzi.

Wakati wa kuandikisha, uliza mambo matatu tu: una mikorosho mingapi, mashine ina miaka mingapi, na unafikiria kubadilisha lini. Baada ya siku 60 fungua daftari uhesabu walionunua kati ya hao 40. Idadi ya wafuasi iache, haikuambii kitu.

Sasa sheria. Tatizo huzaliwa pale mshindi anapopatikana kwa bahati. Droo inayotoa zawadi ili kukuza bidhaa inaingia katika eneo la Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa tiketi haiuzwi, hakuna anayehusika nao. Ukisema "nunua kipuri uingie kwenye droo ya bloa", umeunganisha malipo, bahati na zawadi, na hivyo vitatu kwa pamoja ndiyo bahati nasibu yenyewe. Waandikie Bodi ueleze unachotaka kufanya, na subiri kibali kabla tangazo halijatoka. Kibali hakiombwi watu wakiwa wameshaanza kushiriki.

Duka letu la Masasi limelikwepa hilo kwa njia rahisi. Tangazo linasema: wakulima 40 wa kwanza kuleta bloa dukani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, watatengenezewa bure, mashine moja kwa mtu mmoja. Hakuna anayechaguliwa kwa bahati. Anayetimiza sharti anapata, nafasi zikiisha tangazo linafungwa. Kila anayefika apewe namba yake kwenye daftari, ili wa 41 aone mwenyewe kwamba zimeisha. Wafanyakazi na ndugu wa mwenye duka wasihesabiwe humo.

Mkitangaza kwa Instagram au Facebook, kampuni hizo nazo zina masharti yake. Facebook hairuhusu kumtaka mtu ashirikishe kwenye ukurasa wake binafsi au atagi marafiki ndipo ashiriki. Instagram inakataa kuhimiza watu wajitagi kwenye picha ambayo hawamo. Zote mbili zinataka useme wazi kwamba wao si wadhamini wala wahusika wa shindano lako. Ule mtindo wa "tagi watano", kwa hiyo, kwenye Facebook unaweza kukupotezea ukurasa mzima, mbali na kukuletea watu wasiofaa.

Namba za simu mlizoandika pia si mali yenu ya kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka ukusanye kile unachohitaji, umweleze mtu utakitumia kwa kazi gani, na usajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kukubali kutengenezewa mashine hakumaanishi amekubali ujumbe wa matangazo kila wiki. Muulize hilo peke yake, na akikataa, bado atengenezewe.

Dada mmoja kutoka Lindi, fundi cherehani, ameuliza kuhusu biashara yake. Dada yangu, usitoe vitenge, maana kila mtu anavitaka na vinauzika. Toa kazi ya kurekebisha nguo moja, kwa mtu atakayefika kupimwa. Vipimo vyake vikishakuwa kwenye daftari lako, kwa idhini yake, kushona nguo ya pili ni rahisi kwenu wote wawili.

Nimalizie na matapeli, kwa sababu hawachelewi. Tangazo likishika, kuna mtu atafungua ukurasa wenye jina na picha kama zako, apigie watu akisema wamepata nafasi, watume shilingi 5,000 za usajili. Atakayelaumiwa ni wewe. Katika tangazo la kwanza kabisa andika kwamba hakuna malipo yoyote, taja namba moja tu utakayotumia kuwapigia watu, na useme huduma inatolewa dukani peke yake. Ukiona ukurasa wa kuiga, uripoti siku hiyo hiyo, kisha bandika onyo juu kabisa ya ukurasa wako na mlangoni mwa duka, kwa kuwa wakulima wengi watakuja bila kupita mtandaoni.